Miaka 35 kwa Dakika 115

Ukisimama katikati ya viwanja vya Mnazi Mmoja, mgongo umeupa Kariakoo na uso umeelekeza mjini, umesimama kati ya watu wawili. Nyuma yako unapita Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street, na ndiko kwenye nyumba ambamo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mbele yako inapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Daladala, bajaji na wabeba mizigo hupita katika mitaa hiyo siku nzima, na majina hayo mawili hutajwa na makonda mara nyingi kuliko yanavyotajwa na walimu wa historia.

Lumumba ana filamu. Raoul Peck, mwongozaji mzaliwa wa Haiti, aliitoa mwaka 2000 kwa jina hilohilo, Lumumba. Bibi Titi sijawahi kumwona katika filamu ndefu ya maigizo, na nimekuwa nikiisubiri. Nimeitazama filamu ya Peck mara kadhaa nikiwa na swali moja kichwani: siku mtu wa hapa atakapokaa kuandika mswada wa filamu ya Bibi Titi, atunge mpaka wapi?

Kutunga hakukwepeki, na hesabu yenyewe inaonyesha. Patrice Lumumba alizaliwa Onalua, Kasai, tarehe 2 Julai 1925, akauawa Katanga usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Ni miaka 35. Filamu ya Peck ina dakika 115. Hata ukiacha utoto wote, ukaacha miaka ya ukarani wa posta na uuzaji wa bia, ukabaki na kipindi cha uwaziri mkuu tu, tangu tarehe 24 Juni mpaka Rais Kasa-Vubu alipotangaza kumfukuza tarehe 5 Septemba 1960, hizo ni siku 73. Ukizigawia dakika 115 sawasawa, kila siku inapata dakika moja na nusu. Ndani ya dakika moja na nusu huwezi kuonyesha kikao cha baraza la mawaziri. Kwa hiyo mwandishi wa mswada hana budi kukata, kuunganisha na kuweka maneno vinywani mwa watu. Anayemtaka aseme kweli tupu anamtaka asitengeneze filamu.

Lakini watu wengi wanaposikia hivyo hukimbilia kuuliza kiasi: asilimia ngapi ya uongo ivumiliwe? Kipimo hicho hakisaidii, kwa sababu filamu inaweza kutunga karibu kila neno na bado ikawa ya haki, na nyingine ikasogeza tarehe moja tu ikaharibu maisha mazima. Tazama mahali utunzi ulipowekwa.

Peck hakuibuka tu na filamu hii. Alikulia Kongo, kwa sababu baba yake alikuwa miongoni mwa wasomi wa Haiti waliokwenda kufanya kazi huko baada ya uhuru, Wabelgiji walipoondoka. Kabla ya filamu ya maigizo alikwisha kutengeneza filamu ya kumbukumbu juu ya Lumumba huyohuyo. Alipofika kwenye maigizo alikuwa amepita kwenye picha, barua na mashahidi. Hilo linaonekana katika tukio la Mto Sankuru.

Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 Lumumba alitoroka nyumba aliyokuwa amezuiliwa Léopoldville, akakusudia kufika Stanleyville, ambako wafuasi wake walikuwa na nguvu. Njiani alisimama mara kwa mara kuzungumza na wanavijiji waliomtambua, na kila alivyosimama askari wa Mobutu walizidi kumkaribia. Walipofika Sankuru, yeye alivuka na baadhi ya wenzake. Mkewe Pauline na mtoto wao mdogo wakabaki ng'ambo ya pili. Askari wakafika. Lumumba alikuwa tayari upande wa salama, naye akarudi. Hayo yanasimuliwa tangu wakati huo, na filamu imeyafuata. Ambacho hakuna aliyekiandika ni maneno aliyosema mtu na mkewe wakitenganishwa na maji, na jinsi uso wake ulivyokuwa alipoamua kurudi. Hapo Peck ametunga, na ana haki. Tendo linajulikana na matokeo yake yanajulikana. Maneno anayoyaongeza yanalihudumia tendo, hayalibadilishi, wala hayamhamishii mtu mwingine dhambi au sifa isiyo yake.

Utunzi mwingine wa filamu hii sisi waongeaji wa Kiswahili tunauona haraka kuliko watazamaji wa Paris. Karibu mazungumzo yote ni ya Kifaransa. Lumumba halisi alikulia katika Kitetela, akajua Kiswahili na Kilingala, na sehemu ya uwezo wake kama mwanasiasa ilikuwa kuweza kuongea na watu wa majimbo tofauti kwa lugha zao. Filamu inapomfanya aseme Kifaransa na kila mtu, anafanana zaidi na wakili wa mjini kuliko mtu wa mikutano ya hadhara. Sidhani Peck alikusudia hivyo. Fedha, waigizaji na soko vilimwelekeza huko, kama vita vilivyomzuia kupiga picha Kongo vikampeleka Zimbabwe na Beira, Msumbiji. Hata hivyo hasara ipo. Beira inaweza kuwa Léopoldville, maana ukuta ni ukuta. Lugha ya mtu si ukuta.

Tukio baya kuliko yote katika filamu hii ni lile la mwanzo. Wazungu wawili, usiku, porini, wanafukua maiti, wanazikata kwa msumeno na kuziyeyusha kwa asidi ndani ya pipa, huku wakinywa pombe ili waweze kuendelea. Mtu asiyejua habari hizi atasema hapo mwongozaji ametia chumvi. Hakutia. Gerard Soete, ofisa wa polisi wa Kibelgiji, alikiri mwenyewe kwamba yeye na mwenzake waliziharibu maiti za Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, na kwamba alichukua meno kama ukumbusho. Jino moja lilikabidhiwa kwa familia ya Lumumba mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022. Hakuna sehemu nyingine ya mwili wake iliyorudi kwa familia.

Sasa lilinganishe na tukio jingine la filamu hiyohiyo, lililo tulivu kabisa. Watu wamekaa kikaoni Léopoldville wakiamua hatima ya Lumumba, na miongoni mwao yumo Mmarekani anayetajwa kwa jina: Frank Carlucci. Mwaka 1960 Carlucci alikuwa ofisa kijana katika ubalozi wa Marekani mjini humo. Baadaye, mwaka 1987, akawa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake. Katika filamu anaulizwa msimamo, anatoa jibu la kidiplomasia la kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, lakini mtazamaji anaelewa kwamba ameridhia. Carlucci alikana kuhusika na jambo kama hilo. Filamu ilipokuwa ionyeshwe na televisheni ya HBO huko Marekani, mawakili wake waliingilia kati, na jina lake likafunikwa kwa mlio na kuondolewa katika orodha ya wahusika.

Wapo wanaomtetea Peck hapa wakisema Marekani ilitaka Lumumba afe, hivyo tukio hilo ni kweli kwa maana pana. Kwamba Marekani ilitaka hivyo ni kweli. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilieleza mwaka 1975 kwamba CIA ilipeleka sumu Léopoldville mwaka 1960 kwa ajili ya Lumumba, na kwamba haikutumika. Lakini hiyo ndiyo sababu nasema Peck alikosea. Alikuwa na chupa ya sumu, mkemia aliyeibeba na mkuu wa kituo aliyeipokea, vyote vimo katika kumbukumbu za Wamarekani wenyewe. Badala yake aliukusanya mkono wa dola nzima akauweka katika uso wa mtu mmoja aliyekuwa bado hai, ndani ya chumba ambacho mtu huyo angeweza kusema hakuwamo. Matokeo yake, mjadala huko Marekani ukageuka kuwa habari ya mawakili na jina la mtu, na ile sumu ikabaki pembeni. Aliyetunga tukio hilo ili kuwashtaki wenye nguvu aliwapa wenye nguvu mlango wa kutokea.

Weka matukio hayo mawili, la msumeno na la kikao, ubavu kwa ubavu. La msumeno linaonekana limetungwa, nalo ni kweli. La kikao linaonekana la kawaida, nalo ndilo lenye ubishi. Mtazamaji aliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza hana njia ya kuyatofautisha, na maandishi ya mwanzoni yanayosema filamu imetokana na kisa cha kweli hayamsaidii chochote, maana yanafunika yote mawili kwa shuka moja. Kwa hiyo mzigo wa kutofautisha ni wa mwandishi wa mswada, kabla filamu haijafika sokoni.

Nimekwisha kusema kwamba tarehe moja inaweza kuharibu maisha mazima. Mfano wake ninaupata kwa mtoto wa Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, familia yake ikaondoka mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Filamu ya maisha yake, Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, imejenga upya onyesho la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 pale Wembley kwa uangalifu wa kushangaza: fulana, glasi juu ya piano, jinsi alivyokuwa akizungusha kipande cha stendi ya maikrofoni. Waliolinganisha na mkanda halisi wanastaajabu. Na hapohapo, siku chache kabla ya onyesho hilo, filamu inamfanya awaambie wenzake kwamba ana UKIMWI, ilhali kwa mujibu wa waliokuwa karibu naye aligundua hali yake takriban miaka miwili baadaye. Tena filamu inaonyesha bendi ilikuwa imesambaratika kwa sababu yake na Live Aid ikawapatanisha, wakati bendi ya Queen ilikuwa katika ziara ya maonyesho mpaka Mei mwaka huohuo.

Ni miaka miwili tu imesogezwa. Lakini angalia kinachofuata katika hadithi: kijana anaiacha familia ya bendi, anaingia katika starehe za Munich, anapata ugonjwa, anatubu, anarudi, anaimba kuliko siku zote. Tarehe hiyo moja imegeuza ugonjwa kuwa adhabu na wimbo kuwa toba. Hakuna aliyesema hivyo kwa mdomo ndani ya filamu. Mpangilio wa matukio umesema. Ule uangalifu wa fulana na glasi ndio unaotufanya tuamini, kama mchuuzi anayepanga embe nzuri juu ya tenga. Tangu nilipoiona filamu hiyo, kila nikikuta mavazi yamepatiwa kupita kiasi, macho yangu huenda kwenye tarehe.

Namna ya tatu ya kukosea ni ile ya filamu ya Idi Amin, The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Daktari kijana wa Kiskoti anayetuongoza ndani ya ikulu ya Kampala hakuwahi kuwapo. Ametoka katika riwaya. Kumtunga msimulizi si kosa. Kosa ni kwamba filamu inamchukua mtu huyo ambaye hakuwapo na kumtia katika kifo cha mtu aliyekuwapo: Kay, aliyekuwa mke wa Amin, aliyekutwa amekufa mwaka 1974. Katika filamu, uhusiano wake na daktari huyo ndio unaomletea mauti. Mwanamke halisi aliyekuwa na watoto na ndugu amefanywa apate mimba ya mtu wa kubuni, na afe kwa sababu yake. Hakuna urefu wa filamu unaolazimisha hilo. Dakika zilezile zingetosha kwa jina jingine.

Basi turudi Mnazi Mmoja, maana mswada ninaoufikiria bado haujaandikwa na makosa yote haya yanaungoja.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Inasimuliwa kwamba hapo ndipo Bibi Titi alipoitwa, na kabla ya mwaka kwisha maelfu ya wanawake walikuwa wamejiandikisha. Mwandishi yeyote wa mswada ataliona swali la Hatch kama zawadi. Ni fupi, lina mvuto, na linatoa mwanzo safi: mgeni anauliza, shujaa anaibuka. Nadhani watu tisa kati ya kumi wangefungulia hapo.

Swali hilo liliulizwa, kwa hiyo tukio lenyewe si la kubuni. Lakini ukilifanya chanzo, umetunga, hata kama kila neno limetoka katika kitabu. Maelfu hayakupatikana kwa swali la mgeni. Yalipatikana kwa sababu wanawake wa Kariakoo, Ilala na Gerezani walikwisha kujipanga katika vikundi vya ngoma, vyenye viongozi, michango, sare na njia za kupelekeana habari nyumba hadi nyumba bila karatasi, na Bibi Titi alikuwa anazijua njia hizo kwa sababu alizipita akiimba. Mtafiti Susan Geiger, aliyekusanya simulizi za wanawake wa TANU kwa kukaa nao, ameonyesha hilo kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1997.

Mimi ningefungulia uani. Wanawake sita wa kikundi cha ngoma wamekaa juu ya mikeka nyuma ya nyumba ya vyumba sita, wanapanga sherehe, na mmoja anauliza kama kadi ya TANU italeta askari mlangoni. Tukio hilo lote ni la kutunga: majina, maneno, mkeka. Rafiki wa karibu wa Bibi Titi ningemtunga pia, kwa kuwaunganisha wanawake wengi waliosahaulika, kwa sharti moja, kwamba nisimpe kazi ambayo mwanamke fulani anayejulikana aliifanya. Hatch angeingia baadaye kidogo, aulize swali lake, na mtazamaji atabasamu kwa kuwa jibu anaishi nalo tangu dakika ya tano.

Sehemu ngumu inakuja mwisho. Neno wasifu na neno sifa ni ndugu wa tumbo moja, na filamu zetu za watu wakubwa huvutwa na undugu huo. Filamu ya Bibi Titi ikiishia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ikipanda, itapendeza, itapata wafadhili, na haitamkera mtu. Lakini mwaka 1965 alipoteza ubunge. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Mwalimu akamwachia. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Filamu itakayokata mwaka 1961 itakuwa na uongo mkubwa kuliko uongo wowote wa mazungumzo, ingawa haitakuwa na sentensi moja isiyo ya kweli.

Na atakayefika mwaka 1969 atakutana na chumba cha Carlucci kwa sura nyingine. Atashawishika kuonyesha kikao cha njama, Bibi Titi akiwamo, au kumwonyesha nyumbani usiku akilia kwamba hajui lolote. Katika yote mawili atakuwa amekaa kitini pa jaji. Ushauri wangu ni kwamba kamera iingie mahakamani isiingie chumbani. Mahakama ilikuwa ya wazi: mashahidi walisema waliyosema, washtakiwa walikana, hukumu ilisomwa. Kuna uso wa mwanamke aliyewahi kujaza viwanja kwa sauti yake, sasa amekaa kizimbani akisikiliza wengine wakimsimulia. Mwigizaji mzuri atafanya kazi ya dakika ishirini hapo bila mwandishi kutunga njama wala kutunga usafi.

Kwa vijana wanaohariri picha katika vyumba vya ghorofani Kariakoo, hatua mia chache kutoka barabara yenye jina lake, nina ombi. Mtoto wa miaka kumi aliyeshikwa mkono na mama yake kwenda kumsikiliza Bibi Titi mwaka 1955 alizaliwa mwaka 1945. Sasa ana miaka themanini hivi. Watu wa umri huo wapo bado Ilala, Magomeni na Temeke. Nendeni na kinasa sauti, mkae uani, mwaulize Bibi Titi aliimba nini, alivaa nini, nani alikuja kuwaita. Andikeni tarehe pembeni. Mswada uanze baada ya hapo.